Aliyechekwa mkutanini hanyamazi kwa kukosa neno

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, na katika mitaa inayopokea jamaa waliokimbia vita huku mashariki mwa Kongo, mambo mengi huamuliwa mkutanini. Hapo ndipo husomwa listi ya wanaopokea msaada. Hapo ndipo huchaguliwa mahali pa kuweka robine, na husemwa choo gani kimejaa na nani atatunza usafi wake. Mkutano ukiisha, sekretere anaandika ripoti: watu fulani walikuwepo, wote walikubali. Lakini karibu kila mkutano una watu waliokaa nyuma wakiwa na neno kifuani, na neno hilo likarudi nao nyumbani. Wengi wao hawakuzaliwa na woga. Siku moja walisema, wakachekwa, na tangu siku ile hawajafungua mdomo tena.

Viongozi wa komite wamezoea kuwaita watu hao "wasiopenda mikutano." Majirani wanawaambia, "Jikaze tu." Wote wanakosea. Anayenyamaza baada ya kuchekwa hajakubali yaliyosemwa, na hawezi kupona kwa kuamriwa ajikaze. Hofu ya namna hiyo ina mlango wake wa kuingilia, ina kitu kinachoilisha kila juma, na inatoka kwa hatua ndogo zilizopangwa vizuri. Tena, kazi hiyo haiwezi kuachiwa aliyechekwa peke yake. Sehemu kubwa ni ya yule anayeongoza mkutano.

Kosa la herufi moja

Mfano huu si habari ya mtu mmoja. Umeunganishwa kutokana na mambo yanayoweza kutokea katika kambi yoyote. Mama fulani amekimbia kijiji chake mlimani pamoja na jamaa ya watu saba: yeye mwenyewe, bwana wake, watoto wanne na mama mkwe. Nyumbani alisema lugha ya kwao, na Kiswahili alikijua cha sokoni. Katika lugha nyingi za hapa, L na R hazitenganishwi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Ndiyo maana mtu mzima, mwenye akili zake zote, anaweza kusema "kura" akitaka kusema "kula."

Siku ya mkutano wa chakula mama huyu alisimama akasema, "Papa prezida, watoto wetu hawana kura." Kijana mmoja akadakia kutoka pembeni: "Kumbe watoto wako wametimiza miaka 18! Mama anatafuta udepite!" Watu wakacheka. Prezida wa komite naye akatabasamu, kisha akasema, "Haya, mwingine." Mama akaketi, na ulizo lake halikujibiwa.

Ni vizuri kutazama mahali jeraha lilipoingia. Kicheko cha watu kilidumu kitambo kidogo tu, na kingeweza kusahaulika. Kilichoumiza zaidi ni lile "Haya, mwingine." Kama prezida angesema, "Mama anasema watoto wamekosa chakula, tujibu hilo," kicheko kingekufa palepale na neno lingebaki hai. Aliporuka kwenda kwa mtu mwingine, mama alijifunza kwamba neno linalotoka vibaya halihesabiwi, na kwamba mwenye neno hilo naye hahesabiwi.

Mkutano uliofuata alifika kwa kuchelewa, akakaa karibu na njia. Ule wa tatu alimtuma jirani amsemee. Ule wa nne alikuwa na nguo za kufua. Miezi ikapita hivyo. Kisha ikaja siku ya kusoma listi mpya. Jamaa yake ilisomwa kuwa ya watu watano badala ya saba, na msomaji akauliza, "Kuna mwenye kosa?" Alilisikia kosa vizuri kabisa, lakini mkono haukupanda. Listi ikafungwa. Kwa kuwa mgao ulihesabiwa kwa vichwa, watu wawili wa nyumba ile wakawa wanakula kutoka katika sehemu za wale watano, mpaka uhakiki mwingine utakapofika. Hivyo kicheko cha siku moja kilifika kwenye chungu, na kikaendelea kula kila siku.

Kitu kinacholisha hofu

Wazee husema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Wengi wanaijua methali hiyo, lakini wachache wanauliza kwa nini yule mtu anaendelea kushtuka miaka inayofuata. Jibu ni kwamba hakai karibu na jani muda wa kutosha kuona kwamba ni jani. Anakimbia kabla.

Mkutanini ni vilevile. Zamu ya kuuliza inapokaribia, moyo unapiga mbio, mdomo unakauka, mikono inatoa jasho. Mama anaamua kunyamaza, na palepale mwili unatulia. Utulivu huo ni mtamu, na ndio chakula cha hofu. Kila mara anaponyamaza, mwili unapata somo moja: "Nimeokoka kwa sababu sikusema." Haupati nafasi ya kuona kwamba angesema na asingekufa. Kwa hiyo anayesubiri hofu iondoke kwanza ndipo aseme atasubiri sana, maana kusubiri kwenyewe kunaitunza.

Kuna chakula cha pili ambacho watu hawakioni upesi. Mtu mwenye hofu anayejaribu kusema hutafuta ujanja wa kujificha wakati anasema. Anainamisha kichwa, anaziba mdomo kwa kitenge, anasema kwa sauti ya chini, anakimbiza maneno ili amalize. Au anarudia sentensi kichwani mara 20, na wakati huo hasikii yanayosemwa, akisimama anauliza jambo lililokwisha kujibiwa. Wataalamu wawili wa saikolojia, David Clark na Adrian Wells, walieleza jambo hili mwaka 1995: mtu mwenye hofu ya watu anageuza macho yote kujitazama mwenyewe, na ule ujanja anaofikiri unamlinda ndio unaomharibia. Sauti ya chini ni mfano mzuri. Mama anaishusha ili asisikiwe sana. Watu wanapiga kelele, "Sema kwa nguvu!" Sasa macho yote yako juu yake, jambo lile lile alilokuwa analikimbia.

Tena anayejitazama mwenyewe hukosea kuhesabu macho ya wengine. Mwaka 2000, watafiti wa chuo kikuu cha Cornell huko Amerika walichapisha jaribio dogo. Walimvalisha mwanafunzi shati lenye picha ya mwimbaji ambaye vijana wangeona haya kumvaa, kisha wakamwingiza katika chumba chenye wenzake. Walipomuuliza ni wangapi walioitambua picha ile, waliovaa shati walikisia karibu nusu ya watu. Wenzao walipoulizwa, walioitambua walikuwa karibu robo tu. Jaribio hilo halisemi kwamba hakuna anayeona. Linasema macho tunayoyahisi ni mengi kuliko macho yaliyopo. Wengi wa waliocheka siku ya "kura" walikuwa na listi yao, njaa yao na mtoto wao mgonjwa wa kufikiria walipotoka pale.

Ngazi yenye vipandio saba

Njia ya kutoka inajulikana tangu zamani, na mmoja wa walioipa umbo alizaliwa Afrika. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa ametibu askari walioumizwa akili na vita, alieleza katika kitabu cha mwaka 1958 jinsi ya kupanga hofu kama ngazi: jambo linalotisha kidogo chini, linalotisha sana juu, na mtu anapanda kipandio kimoja kimoja. Yeye alitaka mwili utulizwe kwanza kabla ya kila hatua. Waliomfuata waliona kwamba kupanda kwenyewe, tena na tena, ndiko kunakofanya kazi kubwa.

Kupanga ngazi hiyo hakuhitaji ofisi wala karatasi. Mama wa mfano huu alikaa na jirani anayemwamini, wakachukua mbegu kumi za maharagi. Kwa kila jambo waliuliza: likifanyika kesho, hofu yake ni mbegu ngapi? Mbegu moja ni hofu ndogo, kumi ni hofu ya kukimbia. Wakapata vipandio saba.

Cha kwanza, mbegu tatu: kufika mkutanini mapema, kukaa mstari wa pili, kusalimia watu wawili kwa jina na kubaki hadi mwisho bila kusema. Cha pili, mbegu nne: kusema sentensi moja katika kikundi cha mama wanane wanaokusanyika kusikiliza redio, juu ya habari waliyosikia pamoja. Cha tatu, mbegu tano: kumuuliza prezida ulizo moja kabla mkutano haujaanza, wakiwa wawili tu. Cha nne, mbegu sita: kuinua mkono mkutanini na kusema tu, "Ninaunga mkono yale mama huyu amesema." Cha tano, mbegu nane: kuuliza ulizo la sentensi moja mbele ya wote. Cha sita, mbegu tisa: kueleza jambo kwa sentensi tatu na kuomba kitu. Cha saba, mbegu kumi: kulitamka neno "kula" mbele ya watu wale wale, hata kama litatoka "kura."

Watu wanaweza kucheka kipandio cha kwanza na kuuliza kukaa mstari wa pili kunasaidia nini. Kunasaidia kwa sababu mama huyu alikuwa amejizoeza kukaa karibu na njia ili aondoke upesi. Kukaa mbele na kubaki kunauondoa mlango wa kukimbilia, na ni mara ya kwanza mwili unapata nafasi ya kuona kwamba mkutano umekwisha na hakuna kibaya kilichotokea.

Kuna kanuni mbili zinazofanya ngazi isimame. Ya kwanza ni kurudia kipandio hadi mbegu zipungue kufikia karibu nusu, kisha kupanda kinachofuata. Kwa kawaida hilo si jambo la mara moja. Mara mbili, tatu au nne si nyingi. Anayesubiri mbegu zifike sifuri hatapanda, na anayepanda zikiwa bado zimejaa ataanguka. Kanuni ya pili ni kutaja kabla ya kila hatua kile mtu anachoogopa kitatokea, kwa maneno wazi, na baadaye kutaja kilichotokea kweli. Bila hiyo, hofu husema baadaye, "Ilikuwa bahati tu."

Kipandio cha tano kinaonyesha vizuri kazi hiyo. Mama alichagua ulizo la maji, maana hilo aliliona kila siku. Nyumba yake ilipata bidoni tatu za lita 20 kwa siku, yaani lita 60 kwa watu saba, chini ya lita tisa kwa kila mtu. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika mengi ya msaada huufuata, unataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na robine moja isihudumie watu zaidi ya 250. Kwa jamaa ya watu saba hiyo ni lita 105, bidoni tano na zaidi kidogo. Hakuhitaji kuyasema hayo yote. Alitengeneza ulizo moja: "Papa prezida, robine yetu moja inahesabiwa kwa watu wangapi?"

Kabla ya mkutano alimwambia jirani anachoogopa: "Wote watacheka, na hakuna atakayenijibu." Aliomba kuwa kati ya watatu wa kwanza kuuliza, na hilo lilikuwa la busara, kwa sababu kukaa saa nzima ukingoja zamu kunajaza mbegu. Aliposimama, sauti ilitetemeka. Aliacha mikono wazi bila kitenge mdomoni, akamtazama fundi wa maji usoni, akauliza. Watu wawili nyuma walicheka kidogo. Fundi akajibu kwamba hajui hesabu kamili lakini nyumba zinazotumia robine ile ni kama 90. Mzee mmoja akafanya hesabu kwa sauti: wakiwa watano kwa nyumba, ni watu 450. Watu wakaanza kunung'unika, si juu ya mama, juu ya robine.

Jioni walilinganisha. Alitabiri wote watacheka, walicheka wawili. Alitabiri hakuna atakayejibu. Fundi alijibu na mzee akaongeza. Mbegu zilikuwa nane kabla hajasimama, sita alipokuwa anasema, tatu alipoketi. Robine nyingine haikuwekwa juma lile, na ingekuwa uongo kusema kwamba ulizo moja linaleta bomba. Lakini hesabu ya 450 iliandikwa katika ripoti, na jambo lililoandikwa katika ripoti linaweza kuulizwa tena.

Kipandio cha sita kilimshinda mara ya kwanza. Siku hiyo wageni wa mashirika walikuja na gari mbili, watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na mkalimani alisimama kando na kipaza sauti. Mama alisema sentensi moja, ya pili ikapotea, akaketi. Hapo ndipo wengi huacha kabisa na kusema, "Mimi si mtu wa mikutano." Kosa lilikuwa katika hatua, si katika mama. Alibadilisha mambo matatu kwa mara moja: maneno mengi zaidi, watu wapya na kipaza sauti. Kipandio kizuri hubadilisha jambo moja. Alirudi cha nne kwa mkutano mmoja, akarudia cha tano, kisha akasema sentensi tatu katika mkutano wa kawaida wa mtaa wake, bila wageni. Kurudi kipandio kimoja au viwili ni sehemu ya kupanda. Kurudi nyumbani na kukaa huko ndiko kunakoirudishia hofu nguvu.

Sentensi zenyewe zilikuwa na umbo rahisi, ambalo linamfaa hata asiyejua kusoma: mimi ni nani na ninaishi upande gani; jambo ni lipi; ninaomba nini. "Mimi ni wa mtaa wa tatu. Jamaa yangu ni watu saba, listi inasema watano. Ninaomba muandike kosa hili na muniambie siku ya kusahihisha." Aliye na sentensi tatu za namna hiyo hapotei, maana akisahau moja anajua inayofuata ni ya kazi gani.

Kwa kicheko alitayarisha jibu moja tu: "Nimekosea neno, ulizo ni lile lile." Kisha anaendelea. Halijibu tusi, halimtukani mtu, halimwombi radhi mtu. Linafanya kile prezida alichokosa kufanya siku ya kwanza: linawarudisha watu kwenye jambo. Siku ya kipandio cha saba alisema "kula," likatoka vizuri, akalirudia, likatoka "kura." Mmoja akacheka. Akasema jibu lake, akaendelea na chakula cha watoto.

Kazi ya anayeongoza

Hata hivyo, si haki kumwambia mtu apande ngazi huku wengine wakiitikisa. Mama huyu amefanya kazi ya miezi kurekebisha kitu ambacho prezida angekizuia kwa sentensi moja. Kila komite ingeweza kuamua mambo matatu, na hakuna hata moja linaloomba pesa.

La kwanza, mtu akichekwa, anayeongoza arudie ulizo lake kwa maneno mazuri kabla ya mtu mwingine yeyote kusema, na alipatie jibu au aliandike. La pili, anayetaka kusema kwa lugha ya kwao aruhusiwe, na mtu mmoja atafsiri. Wakimbizi wametoka vijiji mbalimbali, na Kiswahili cha mjini si mtihani wa kupimia nani ana haki ya maji. La tatu, kabla ya mkutano mkubwa watu wakae vikundi vidogo vya sita au wanane kwa muda mfupi, mama na mama, vijana na vijana, na kila kikundi kilete ulizo moja. Wale wenye hofu husema neno lao katika kikundi, na neno linafika mbele hata kama mwenyewe hajasimama.

Kuna wanaopinga. Wanasema watu wameteseka vya kutosha, kicheko ndicho kilichobaki, na mkutano bila utani ni kama msiba. Wana sehemu ya ukweli. Kucheka pamoja juu ya mvua iliyovuja katika hema la prezida kunawaunganisha watu, kwa sababu aliyechekwa ana nguvu na anacheka pia. Kucheka matamshi ya mgeni asiye na mtu pale ni jambo jingine. Njia ya kutofautisha ni rahisi: baada ya kicheko, je, ulizo bado liko juu ya meza? Kama limeanguka, ule haukuwa utani, ulikuwa njia ya kumnyamazisha mtu.

Wengine wanasema muda ni mfupi. Kurudia ulizo la mtu hakuchukui hata dakika moja. Kusahihisha listi iliyofungwa na makosa kunachukua miezi, na wakati huo wote watu wanapiga mstari mbele ya meza ya malalamiko wakiwa na jetoni zenye hesabu mbaya.

Mahali ngazi hii isipofika

Lazima kusema pia kwamba kila kimya si ugonjwa wa kuponywa. Katika sehemu zenye watu wa silaha, au ambako maneno ya mkutanini hupelekwa kwingine usiku, mtu anaweza kunyamaza kwa akili. Kabla ya kumsukuma mtu aseme, aulizwe: ukisema, unaogopa kupoteza nini? Akisema, "Watanicheka," ngazi inamfaa. Akisema, "Watanifuata nyumbani," asipandishwe ngazi yoyote. Anastahili njia ya siri. Malalamiko juu ya aliyeomba pesa au mwili ili kumwandika mtu katika listi, juu ya kubakwa, au juu ya wenye bunduki hayapelekwi mbele ya watu 200. Yanapelekwa kwa mtu wa ulinzi wa kambi anayeaminika, kwa kituo cha afya, au kwa simu ya malalamiko ya shirika pale ilipo.

Na kuna wale ambao hofu yao haikuanza na kicheko. Mtu anayeshtuka usiku, anayeona tena yaliyompata njiani, asiyeweza kutoka hata kuchota maji, au ambaye mbegu zake hazipungui baada ya kujaribu kipandio kidogo mara nyingi, ana mzigo mkubwa kuliko mkutano. Huyo apelekwe kwa msaidizi wa kisaikolojia, yule ambaye wengi hapa wanamwita APS, katika kituo cha afya au shirika lililo karibu. Maharagi kumi hayatoshi kwa vita vyote.

Lakini kwa wale waliochekwa tu, na ni wengi, kazi inaweza kuanza kabla ya listi inayofuata kusomwa. Mwenye hofu achague kipandio chenye mbegu tatu, akifanye juma hili, na akirudie juma lijalo. Prezida wa komite, akimaliza kusoma majina, asiulize watu wote kwa pamoja kama kuna mwenye kosa. Apite mstari kwa mstari, amtazame kila mwenye nyumba, aulize hesabu ya watu wake, na asubiri jibu. Yule asiyeweza kuinua mkono mbele ya kambi nzima anaweza kusema neno moja akiulizwa kwa karibu: "Saba."